Kuandika kuhusu watu katika tasnifu ya Kiswahili: hatua za kuhariri lugha ya jinsia na ya makundi

Kazi yangu ni kuhariri tasnifu na makala za kitaaluma za Kiswahili. Nikimwonyesha mwandishi suala la jinsia katika rasimu yake, mara nyingi hunijibu kwa hoja moja: Kiswahili hakina tatizo hilo, maana "yeye" ni yeye tu, awe mwanamume au mwanamke. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ukisema "mwalimu amefika", hujamwambia msomaji lolote kuhusu jinsi ya mwalimu huyo. "Mwana" katika mwanafunzi, mwanasheria na mwanasayansi hana uhusiano na uanaume, na mwenyekiti ni mwenye kiti, basi. Maneno hayo yaache yalivyo. Sioni sababu ya kuyagusa.

Lakini kwa kuwa kiwakilishi chetu kiko kimya, upendeleo hujificha kwingine, mahali ambapo jicho halikuzoea kutazama: kwenye kitenzi cha ndoa, kwenye cheo cha kazi, kwenye neno "zao", hata kwenye kiambishi kidogo cha hu-. Ili tuone namna ya kuufuatilia, nimetunga aya moja kwa kuunganisha makosa ninayokutana nayo mara kwa mara. Kijiji na takwimu zake ni za mfano tu. Chukulia kwamba mtafiti alihoji wakulima katika kijiji kimoja wilayani Kilosa, akaandika hivi:

"Wakulima wa kijiji hiki hulima mahindi na mpunga, na wake zao huwasaidia shambani. Asilimia 70 ya wahojiwa wameoa. Bwana shamba huwatembelea mara mbili kwa msimu. Changamoto kubwa ni wafugaji wa Kimang'ati, ambao kwa asili ni watu wakorofi na hupenda kuingiza mifugo kwenye mashamba ya watu. Vilema na akina mama wasiojiweza hutegemea misaada."

Aya hii inasomeka vizuri, na msimamizi mwenye haraka anaweza kuipitisha. Tuipitie hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Tafuta kwa kompyuta kabla ya kusoma kwa macho

Macho yako yameizoea rasimu yako, kwa hiyo hayataona kitu. Fungua faili, bonyeza Ctrl + F, kisha tafuta maneno haya moja moja: "wake zao", "akina mama", "bwana", "bibi", "wa kike", "wa kiume", "kwa asili", "tabia ya", "wanapenda", "hupenda", "vilema", "walemavu", "waathirika".

Vitenzi vya ndoa vina ugumu wake. Ukiandika "oa" kwenye kisanduku cha kutafutia, kompyuta itakuletea toa, ondoa, nyoa, kohoa na mengine mengi, utachoka kabla hujafika ukurasa wa kumi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi, kwa hiyo tafuta pamoja na kiambishi chake: "meoa", "lioa", "kuoa", "jaoa", halafu "meolewa", "liolewa", "kuolewa", "jaolewa", halafu "meozwa", "liozwa", "kuozwa" na "ozeshwa". Kuna vingine vitakavyopenya, kama "kuoanisha" na "walioanza", lakini utavitambua mara moja.

Kila neno unalolipata lipake rangi, usilibadilishe. Wanaokosea zaidi hapa ni wale wanaotafuta na kubadilisha kwa mkupuo. Nimewahi kuona rasimu ambamo kila "akina mama" ilikuwa imegeuzwa kuwa "wanawake", pamoja na ile iliyokuwa ndani ya jina la kikundi cha kuweka na kukopa. Kubadilisha ni kazi ya baadaye, baada ya kurudi kwenye data.

Hatua ya 2: Uliza nani amehesabiwa kuwa nani

Rudi kwenye sentensi ya kwanza ya aya yetu. "Wakulima hulima mahindi na mpunga, na wake zao huwasaidia shambani." Neno mkulima halina jinsi. Lakini mara tu linapofuatwa na "wake zao", wakulima wote wamegeuka wanaume, na wanawake wamekuwa wasaidizi wa watu wengine. Mwandishi hakutumia neno lolote la kubagua. Kimilikishi peke yake kimeifanya kazi hiyo.

Jaribio lake ni rahisi. Kila unapokuta jina la kazi au la kundi likifuatwa na "wake zao", "familia zao" au "wanawake wao", jiulize: je, orodha yangu ya wahojiwa inakubaliana na sentensi hii? Katika mfano wetu, mtafiti anafungua daftari lake na kukuta alihoji watu 40, wanaume 26 na wanawake 14, na wote 40 aliwaandikisha kuwa wakulima. Maana yake wanawake 14 aliowahoji yeye mwenyewe kama wakulima amewafuta kwa mkono wake katika sura ya nne. Hilo ni kosa la takwimu kabla halijawa kosa la adabu, na mtahini makini ana haki ya kulirudisha.

Chanzo cha kosa hili mara nyingi ni sampuli. Mtafiti akienda kijijini na kuomba kuongea na mkuu wa kaya, katika kaya nyingi ataletewa mwanamume, hata kama anayejua mbegu ilipandwa lini na palizi ilifanyika mara ngapi ni mkewe. Ikiwa ulihoji wakuu wa kaya, sema "wakuu wa kaya waliohojiwa". Usiseme "wakulima wanaamini".

Kinyume chake kipo pia: jinsi inapotajwa pasipohitajika. "Daktari wa kike", "muuguzi wa kiume", "mbunge mwanamke". Kama jinsi ni sehemu ya swali lako la utafiti, itaje kwa pande zote mbili na kwa umbo lilelile: "walimu wanawake 12 na walimu wanaume 9". Ukiandika "walimu 9 na walimu wa kike 12", umesema kwamba mwalimu halisi ni mwanamume na mwingine ni nyongeza.

Hatua ya 3: Vitenzi vya ndoa na vya mimba

Hapa ndipo Kiswahili kinapobeba jinsi waziwazi kuliko lugha nyingi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. "Asilimia 70 ya wahojiwa wameoa" haiwezi kuwa kweli ikiwa miongoni mwao wamo wanawake.

Nililijua hili kwa njia ngumu. Nilipokuwa nakusanya data kwa mara ya kwanza, dodoso langu lilikuwa na kipengele "Umeoa: Ndiyo / Hapana". Nilifika kwa bibi mmoja mjane, nikamsomea swali kama lilivyoandikwa. Akanitazama, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, mimi nimuoe nani?" Nikaomba radhi, nikaendelea. Usiku, nilipopanga madodoso, niliona wanawake kadhaa wenye waume wamewekewa alama ya "Hapana", kwa sababu jibu la kweli la swali lile, kwa mwanamke, ni hapana. Wengine nafasi iliachwa wazi. Safu nzima ya hali ya ndoa haikuwa na thamani, ikabidi nirudi nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo anza kurekebisha kwenye dodoso lenyewe, usingoje ripoti. Andika "Hali ya ndoa", kisha majibu yanayomfaa yeyote: "Yuko katika ndoa", "Hajawahi kuwa katika ndoa", "Ameachana", "Amefiwa na mwenzi". Kwenye ripoti, "walikuwa katika ndoa" au "wamefunga ndoa" inatosha. "Mwenzi" nalo ni neno zuri lisilo na jinsi, na lipo tangu zamani. Huna haja ya kubuni jipya. Na ukitaka kuandika Me au Ke, kipengele kiite "Jinsi". Jinsia ni majukumu na matarajio ambayo jamii humpa mtu kwa kuwa mwanamume au mwanamke, na hayo hayajazi kisanduku kimoja.

Sasa upande wa pili, maana kutotaja jinsi si jibu la kila mahali. Tazama sentensi hizi tatu: "Msichana wa miaka 14 aliolewa." "Msichana wa miaka 14 aliozwa na baba yake." "Msichana wa miaka 14 alifunga ndoa." Ya tatu haina upendeleo wa jinsi hata kidogo, na ndiyo inayopotosha kuliko zote, kwa sababu inamfanya mtoto kuwa mtendaji. Ya pili ndiyo inayosema kilichotokea na nani alikitenda. Kiswahili kimetupa kitenzi kuoza makusudi kwa jambo hili, kitumie.

Vivyo hivyo kwa mimba. Hadi Novemba 2021, serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaweza kurejea katika shule za kawaida, msichana aliyepata ujauzito alikuwa akifukuzwa na njia ya kurudi ikifungwa. Tasnifu za kipindi kile zimejaa sentensi kama "wanafunzi wengi huacha shule kwa sababu ya ujauzito". Kuacha ni kitendo cha hiari. Kama walifukuzwa, andika "wasichana walifukuzwa shule". Neno "wanafunzi" hapo linaficha kwamba wavulana waliohusika waliendelea kukaa darasani. Kanuni ninayoitumia ni hii: jinsi ikiwa haina kazi katika sentensi, iondoe, ikiwa ndiyo sababu ya kilichompata mtu, itaje bila kuizungukazunguka.

Neno moja la mwisho kabla hatujatoka hapa. "Akina mama" na "mama mjamzito" yamekolea katika nyaraka za afya na maendeleo, na mitaani ni maneno ya heshima. Katika utafiti yanaleta shida, kwa kuwa si kila mwanamke ni mama, na mjamzito wa miaka 16 unayemwita mama umri wake unapotea machoni pa msomaji. Andika "wanawake", andika "mjamzito". Mama waachie sentensi zinazozungumzia kuwa na mtoto.

Hatua ya 4: Vyeo vya kazi

Hii ni fupi. Bwana shamba na bibi shamba ni afisa ugani. Bwana afya ni afisa afya. Bibi maendeleo ni afisa maendeleo ya jamii. Hausigeli na hausiboi ni mfanyakazi wa nyumbani. Hata Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unamtambua kuwa mfanyakazi mwenye haki za mfanyakazi. Mama lishe ni jina la biashara yenyewe, na wenye biashara hiyo hujiita hivyo. Linaweza kubaki, ila kama kwenye sampuli yako wamo wanaume, andika "mama lishe na baba lishe" au "wauzaji wa chakula" na ueleze uamuzi wako mara moja katika sura ya mbinu.

Hatua ya 5: Kiambishi hu- na "ni" isiyo na mwisho

Hatua hii ndiyo ninayoitumia muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayobadilisha tasnifu zaidi.

Hu- ni kiambishi cha mazoea. Hakina wakati, hakina mahali, hakina idadi. "Jua huchomoza mashariki" inakifaa. Ukikichukua kiambishi hichohicho ukakibandika kwa watu, "Wasukuma huoa wake wengi", "vijana wa mjini huchagua kazi", umewapa watu uthabiti wa jua. Hakuna utafiti wa shahada ya uzamili uliowahi kukusanya data ya kutosha kubeba hu- ya namna hiyo. "Ni" hufanya vilevile: "Wamasai ni wafugaji", wakati kuna Wamasai mawakili, wasusi, walinzi na wakulima, na aliyeandika sentensi hiyo pengine amesukwa nywele na mmoja wao Kariakoo.

Namna ya kurekebisha: chukua kila sentensi yenye jina la kundi ikifuatwa na hu- au ni. Ivute ijibu maswali manne: wangapi, kati ya wangapi, wapi, lini? Kisha badilisha njeo iwe li-. "Wafugaji hupenda kuingiza mifugo mashambani" inageuka "wahojiwa 17 kati ya 40 walisema mifugo iliingia mashambani mwao katika msimu wa 2022/2023". Kama huwezi kuyajibu maswali hayo, huna matokeo ya utafiti. Una dhana uliyokwenda nayo kijijini na kurudi nayo.

Angalia kitu kingine kilichotokea katika mageuzi hayo. "Hupenda" limetoweka. Maneno yanayoingia moyoni mwa kundi zima, kama hupenda, hawapendi, wavivu, wakorofi, wakarimu, wana tabia ya, kwa asili, hayana kipimo. Na sifa nzuri hazikusalimika. "Wachaga kwa asili ni wafanyabiashara" ni mhuri uleule uliopakwa rangi ya kupendeza.

Ubaya mkubwa wa "kwa asili" ni kwamba huziba mlango wa sababu. Chukua wafugaji wa aya yetu. Mtu akisema wanahamahama na kugombana kwa asili yao, hana tena haja ya kuuliza walitoka wapi. Lakini Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, yaani hao ambao aya yetu inawaita wa Kimang'ati, walipoteza malisho makubwa wilayani Hanang kuanzia miaka ya 1970, pale shirika la umma la NAFCO lilipofungua mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada. Wengine walihama na mifugo yao. Mtafiti wa migogoro ya ardhi anayeijua habari hiyo ana swali la kuuliza kijijini: mlifika hapa lini, na mlikotoka kulitokea nini? Aliyeandika "kwa asili" ameshajibu swali kabla ya kuliuliza.

Hatua ya 6: Jina la kundi ni la nani?

Aya yetu inawaita "wafugaji wa Kimang'ati". Jina Mang'ati lilitoka kwa Wamasai, na maana yake ni maadui. Wenyewe hujiita Wadatoga. Ukiandika "wafugaji wa Kimang'ati ndio chanzo cha mgogoro", umeshatoa hukumu ndani ya jina, kabla ya ushahidi.

Majina ya namna hii ni mengi Afrika Mashariki. Wandorobo limetokana na neno la Kimasai la mtu fukara asiye na ng'ombe, likatumiwa kwa jamii za wawindaji kama Waakie na Waokiek. Pwani ya Kenya, vitabu vya kale huzungumzia Wanyika, yaani watu wa porini. Tangu miaka ya 1940 jina lililoshika ni Mijikenda, la miji tisa. Kabla hujaandika jina la kabila au kundi, fanya mambo mawili: waulize wahojiwa wenyewe wanajiitaje na uandike jibu lao kwenye daftari, kisha tazama kama jina unalolitumia linapatikana zaidi katika maandishi ya majirani au ya wakoloni kuliko katika maneno yao. Wamachinga nao wanahitaji uangalifu, hasa ukiwa unaandika kuhusu Lindi, kwa sababu Machinga huko ni jina la kabila. Ukimaanisha wafanyabiashara ndogondogo, waite hivyo.

Kwa watu wenye ulemavu, maneno yetu ya zamani mengi yana umbo la ki-: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete. Wapo wanaosema ki- yenyewe ndiyo tusi, kwa kuwa ni ngeli ya vitu. Sikubaliani nao moja kwa moja, maana kiongozi na kijana wana ki- hiyohiyo, na sarufi huwapatanisha wote kama watu: kipofu amefika, kiongozi amefika. Shida iko kwingine. Majina hayo huufanya upungufu mmoja kuwa mtu mzima. "Mtu mwenye ulemavu wa viungo" anaweza pia kuwa mkulima, mpangaji, mdaiwa wa benki. "Kilema" hana nafasi ya kuwa kitu kingine. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 yenyewe inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na hilo ndilo umbo la kuanzia: watu wenye ulemavu, watu wenye ualbino, watu wasioona.

Nimesema la kuanzia kwa sababu wenye jina wanaweza kuchagua tofauti. Chama cha wasioona nchini kinaitwa Chama cha Wasioona Tanzania. Chama cha viziwi kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Viziwi wengi hulishika jina lao kwa sababu wanajiona kuwa jamii yenye lugha yake, Lugha ya Alama ya Tanzania. Ukimgeuza kiziwi kuwa "mtu mwenye tatizo la kusikia" bila kumuuliza, umemwondolea jina alilolichagua ukampa tatizo. Na usimwite bubu; ana lugha, wewe ndiye huifahamu.

"Mwathirika wa UKIMWI" nalo liondoe, kwanza kwa sababu si sahihi kitabibu: mtu anaweza kuishi na VVU miaka mingi bila kufikia UKIMWI. Watu wanaoishi na VVU, kifupi WAVIU, ni neno linalofahamika na linasema kweli.

Hatua ya 7: Andika upya aya nzima, si neno moja moja

Ukibadilisha maneno peke yake, utapata aya ileile iliyovaa nguo mpya. Mtafiti wetu anarudi kwenye madodoso. Wahojiwa 28 kati ya 40 walikuwa katika ndoa, wanaume 20 na wanawake 8. Kati ya 17 waliolalamikia mifugo, 11 walisema ilikuwa ya Wadatoga, na 6 hawakumjua mwenye mifugo. Wahojiwa watatu walikuwa na ulemavu wa viungo. Wawili walilima mashamba yao wenyewe na mmoja alilikodisha shamba lake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema anaishi kwa msaada. Na mfugaji hakuhojiwa hata mmoja. Aya mpya inakuwa hivi:

"Utafiti ulihoji wakulima 40 wa mahindi na mpunga, wanawake 14 na wanaume 26. Wahojiwa 28 (asilimia 70) walikuwa katika ndoa wakati wa mahojiano. Afisa ugani alifika kijijini mara mbili katika msimu wa 2022/2023. Wahojiwa 17 walisema mifugo iliingia mashambani mwao msimu huo. Kati yao, 11 walisema ilikuwa ya wafugaji Wadatoga na 6 hawakujua mwenye mifugo. Wafugaji hawakuhojiwa, hivyo maelezo haya ni ya upande wa wakulima. Wahojiwa watatu walikuwa na ulemavu wa viungo: wawili walilima mashamba yao wenyewe, mmoja alikodisha lake."

Sentensi ya misaada imekufa kabisa, kwa sababu data haikuwahi kuisema. Hiyo ndiyo dalili kwamba uhariri umefanyika kweli: baadhi ya sentensi hazirekebishiki, zinaondoka. Na sentensi moja mpya imezaliwa, ile ya wafugaji kutohojiwa. Mtafiti hakuijua kasoro hiyo hadi alipojaribu kuandika kwa haki. Kama bado ana muda na nauli, arudi Kilosa.

Hatua ya 8: Maneno ya wengine yaache yalivyo

Mhojiwa akisema, "Hawa Mang'ati ni watu wabaya", hayo ni data. Usiyasafishe. Yaweke ndani ya alama za kunukuu, onyesha kwamba ni maneno ya mhojiwa, halafu katika uchambuzi wako rudi kwenye Wadatoga. Vivyo hivyo kwa nyaraka za kikoloni: jina la kale likiwa katika kichwa cha waraka, linukuu kama lilivyo, na mara ya kwanza eleza kwa sentensi moja ni akina nani wanaotajwa na wao hujiitaje. Hatari ni pale jina linapovuka alama za kunukuu likaingia katika sauti yako bila wewe kujua. Litafute tena kwa Ctrl + F katika sura ya tano. Huko ndiko hujipenyeza, mwandishi akiwa amechoka.

Hatua ya 9: Ikisiri ya Kiingereza

Vyuo vingi hudai ikisiri kwa lugha zote mbili, na hapa kazi yote inaweza kuharibika katika ukurasa mmoja. Kiingereza hakina yeye. Mfasiri analazimika kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike, na asipoelekezwa, mkulima na mwalimu mkuu hugeuka wanaume, muuguzi na mwalimu wa chekechea hugeuka wanawake.

Kuna njia tatu. Iliyo nyepesi ni kuandika kwa wingi tangu kwenye Kiswahili: "wakulima waliuza mazao yao" badala ya "mkulima aliuza mazao yake". Ya pili ni kurudia jina badala ya kiwakilishi. Ya tatu ni kutumia kiwakilishi cha wingi cha Kiingereza kwa mtu mmoja. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliyaidhinisha matumizi hayo katika toleo la saba la mwongozo wake wa uandishi, mwaka 2019, na majarida mengi hufuata mwongozo huo. Epuka kuweka viwakilishi vyote viwili kwa mkwaju kila sentensi; inachosha.

Ikisiri ikisharudi kutoka kwa mfasiri, iweke kando ya aya zako za Kiswahili na ufuate kila kiwakilishi kwa kidole mpaka kwa mtu wake kwenye orodha ya wahojiwa. Halafu, kama inawezekana, mpe sura ya nne mtu mmoja wa kundi uliloliandika, aisome akiwa na kalamu mkononi. Usimuulize kama ameipenda. Muulize ni wapi amesimama.